Aya moja, wazo moja: maswali mnayoniuliza sana kuhusu sentensi mada

Nafundisha Kiswahili sekondari huku Busia, upande wetu wa Uganda, na kila muhula ukifika wakati wa insha simu yangu haipumui. Maswali ni yaleyale, sinia foo wanauliza, sinia siksi wanauliza, hata wa chuo wanaoandika ripoti ya utafiti wanauliza. Nimeyaweka hapa yote nikiyajibu kwa mfano mmoja tu, aya ya mwanafunzi wangu mmoja wa sinia siksi (amenikubalia niitumie, jina nimeliacha), sababu ukiona aya moja inavunjwa na kujengwa upya unaelewa kuliko nikikumwagia sheria kumi.

Mwalimu, sentensi mada ni nini hasa? Si ni sentensi ya kwanza tu?

Hapana, kuwa ya kwanza ni mahali inapokaa, siyo kazi yake. Sentensi mada ni ile inayosema aya hii inadai nini. Ina vitu viwili ndani, kuna kitu unachokizungumzia na kuna lile unalolisema juu yake. Hilo la pili ndo wazo linaloongoza, ndo lenye usukani. Ukisema "Kiswahili Uganda" umetaja kitu tu, bado hujadai chochote. Ukisema "Kiswahili Uganda kilikataliwa kwa sababu ya waliokileta" hapo umedai, na msomaji tayari anakudai: nani walikileta? Walifanya nini? Unajuaje? Aya yote inayofuata ni kulipa deni hilo, na sentensi isiyolipa deni hilo haina kazi hapo hata kama ni tamu namna gani.

Mbona kila nilichoandika ni kweli na bado nimepata alama za chini?

Hili ndo swali lililonifanya niandike ukurasa huu. Tazama aya yenyewe ilivyokuja:

*"Kiswahili ni lugha muhimu sana Uganda. Kiswahili kilianzia pwani ya Afrika Mashariki. Watu wengi wa Kampala hawakipendi. Mwaka 2005 katiba ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Idi Amin alitawala kuanzia 1971 hadi 1979. Wanajeshi wanatumia Kiswahili. Kiswahili kina ngeli nyingi zinazosumbua wanafunzi. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo tukipende Kiswahili."*

Hakuna uongo hapo. Miaka iko sawa. Lakini fanya hivi, chukua kalamu na pembeni ya kila sentensi andika neno moja au mawili ya inachozungumzia. Mimi na yeye tulifanya tukapata: umuhimu, asili, kuchukiwa, sheria, Amin, jeshi, sarufi, sheria tena, wito. Sentensi tisa, na kila moja inavuta kwake, ni kama taksi ya kwenda Mbale ambayo kila abiria anamwambia dereva aingie kijijini kwake. Aliyesahihisha hakukosa habari, alikosa pa kuzipeleka.

Ona pia kwamba hakuna sentensi inayomtegemea mwenzake. Ukihamisha ya Amin ukaiweka juu ya ile ya katiba hakuna kinachoharibika. Hiyo ni dalili ya haraka sana ya kuwa una orodha, siyo aya. Kwenye aya yenye wazo linaloongoza, ukihamisha sentensi kitu kinavunjika na unakisikia kabisa.

Sasa kati ya hizo tisa, nachaguaje wazo la kuongoza?

Tulizipita moja moja. "Kiswahili ni lugha muhimu sana" ni pana mno, muhimu kwa nani, kwa biashara hapa mpakani, kwa jeshi, kwa Jumuiya? Ungeandika kitabu na bado hujamaliza, na zaidi ya hayo hakuna atakayekubishia, kwa hiyo huna cha kuthibitisha. "Mwaka 2005 katiba ilibadilishwa" ni nyembamba mno, ni tukio, limekwisha hapohapo, ukishalisema aya imefika ukingoni. Ya namna hiyo ni ushahidi mzuri lakini haiongozi kitu.

Iliyobaki na uhai ni "Watu wengi wa Kampala hawakipendi". Hapo mtu anaweza kuuliza kwa nini, na jibu la hiyo kwa nini ndo sentensi mada. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, "Mwalimu, si kwa sababu ya wanajeshi." Haya, andika hivyo. Akaandika: *"Watu wa Kampala walikichukia Kiswahili kwa sababu kililetwa na wenye bunduki."*

Mara moja aya ikaanza kujisafisha yenyewe. Pwani ikatoka, ngeli zikatoka (ngeli zinasumbua kweli lakini Kampala haikukataa lugha kwa sababu ya ngeli), wito wa mwisho ukatoka. Amin na jeshi wakabaki. Katiba na baraza la mawaziri tukaziweka kando kwanza, nitarudi kwazo.

Ushahidi ni nini? Lazima iwe takwimu?

Si lazima. Ushahidi ni kitu chochote ambacho msomaji anaweza kukiangalia bila kukuamini wewe. Tarehe, sheria, maneno ya shahidi, barua, kitu ulichokiona na unaweza kueleza wapi na lini. "Inajulikana kwamba" siyo ushahidi, "watu wengi wanasema" pia siyo.

Huyu mwanafunzi alikuwa na vitu viwili vikubwa. Cha kwanza historia: Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya amri ndani ya Keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na Amin aliingia Keya mwaka 1946, huko ndo alikokulia kikazi. Cha pili ni jajja yake. Jajja aliishi Kampala miaka ya sabini na alimwambia kwamba usiku kwenye kizuizi neno la kwanza lilikuwa "Simama", la pili "Kitambulisho", na kwamba hayo ndo maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyajua maishani. Bannange, hicho ni kipande cha dhahabu, na alikuwa amekiacha nje ya insha kwa sababu alidhani jajja siyo chanzo!

Jajja ni chanzo. Ila chanzo kina kimo chake. Jajja mmoja anaweza kuthibitisha jinsi lugha ilivyosikika masikioni mwa mtu mmoja kizuizini, hawezi kuthibitisha "watu wa Kampala" wote. Kwa hiyo unapunguza dai lilingane na ulicho nacho, au unaongeza mashahidi. Wanafunzi wengi wanafanya kinyume, dai linakuwa kubwa kama Mlima Elgon na ushahidi chini yake ni kijiwe.

Uchambuzi ndo nini? Mimi nikiweka ushahidi naona unajieleza.

Haujielezi, kamwe, na hapa ndo alama nyingi zinapotea kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hii ni rasimu ya pili: *"Watu wa Kampala walikichukia Kiswahili kwa sababu kililetwa na wenye bunduki. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika Keya. Jajja yangu aliambiwa 'Simama' na 'Kitambulisho' kizuizini. Hii inaonyesha kwamba watu walikichukia Kiswahili kwa sababu ya wanajeshi."*

Sentensi ya mwisho inajifanya uchambuzi, ina hadi "hii inaonyesha kwamba", lakini ukiitazama ni sentensi mada imerudi imevaa shati jingine. Haijasema lolote jipya. Uchambuzi ni ile hatua ya katikati inayoeleza *kwa njia gani* ushahidi huu unafikisha kwenye dai lile. Kati ya mtu kuambiwa "Simama" na mtu kuichukia lugha kuna pengo. Mimi polisi wa barabarani wamenisimamisha mara nyingi kwa Kiingereza na sijakichukia Kiingereza. Kwa nini kwa Kiswahili ilikuwa tofauti?

Nilimuuliza hivohivo, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema kitu kizuri kuliko insha yote: jajja Kiingereza alikisikia pia shuleni, kanisani na redioni, lakini Kiswahili alikisikia kizuizini tu, hakikuwa na mahali pengine kwenye maisha yake. Basi! Hiyo ndo hatua ya katikati. Lugha inayofika kwako kupitia mlango mmoja tu inabeba harufu ya mlango huo. Ona kwamba wazo hili halimo ndani ya ushahidi, jajja hakulisema, mwanafunzi amelitoa yeye kwa kulinganisha, ndo maana ni uchambuzi na siyo kurudia.

Kipimo changu ni rahisi, funika sentensi mada kwa kidole na usome uchambuzi wako. Kama unachosoma ni kilekile ulichofunika, hujachambua. Kipimo kingine, baada ya kila ushahidi jiulize "sasa hiyo inahusu nini?" na usikubali jibu la kwanza, la kwanza karibu kila mara ni kurudia.

Na nikipata ushahidi unaopinga sentensi mada yangu? Niufiche?

Ukiuficha mwalimu anayejua atauona, na kibaya zaidi utakuwa umetupa kitu ambacho kingeiokoa aya yako.

Huyu wetu alipoendelea kusoma akakutana na mambo mawili. La kwanza, mwaka 1979 waliomng'oa Amin walikuwa wanajeshi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, Kampala ikaangukia mikononi mwao tarehe 11 Aprili, na hao nao wanajeshi wa Tanzania waliongea Kiswahili. Yaani lugha ya kizuizi ikawa pia lugha ya waliokuja kukiondoa kizuizi. La pili ni zito zaidi: mwaka 1929, Amin akiwa bado mtoto mdogo, Kabaka Daudi Chwa tayari alikuwa amepinga kwa maandishi mpango wa serikali ya kikoloni wa kukipa Kiswahili nafasi kubwa Uganda.

Akanijia amekata tamaa kabisa, "Mwalimu, insha imekufa." Haijafa. La 1979 halivunji dai, linalipa mpaka, linasema tu kwamba wenye bunduki hawakuwa wa namna moja, na linaweza kwenda kwenye aya yake. Lakini la 1929 linavunja, sababu kama kukataa kulikuwepo kabla ya vizuizi basi bunduki haiwezi kuwa ndo chanzo. Hapo una njia mbili, kulazimisha ushahidi ukae chini ya sentensi mada isiyoutosha, au kubadilisha sentensi mada. Unabadilisha sentensi mada. Mimi huwaambia sentensi mada unaiandika kwanza ila unaimaliza mwisho, ya kwanza ni ya kutembelea, ile utakayoiwasilisha unaipata ukishaona ushahidi wote.

Na ukiangalia vizuri, kukataa kwa 1929 na kuogopa kwa miaka ya sabini ni vitu viwili. Buganda ya 1929 ilikuwa na Luganda inayoandikwa, inayofundishwa, Biblia nzima ya Luganda ilikuwepo tangu 1896. Kabaka alikuwa analinda nafasi ya lugha yake, hakuna aliyekuwa anatetemeka. Jajja kizuizini ni habari nyingine. Kwa hiyo wazo jipya linaloongoza siyo "bunduki ndo sababu", ni kwamba hisia ilibadilika aina, kutoka ubishi ikawa woga. Hilo ni dai bora mara kumi, na limezaliwa na ushahidi uleule aliotaka kuuficha.

Pia angalia neno "Kampala" limeondoka kwenye sentensi mada. Daudi Chwa alikuwa Kabaka wa Buganda, ushahidi wake ni wa Buganda. Ukiandika "Waganda" watu wa Arua watakucheka, kule West Nile Kiswahili ni cha sokoni na Kinubi kinasikika, hawana habari na ugomvi huu.

Tuonyeshe aya ikiwa imekamilika basi.

Hii hapa, nimerekebisha koma tu:

*"Buganda ilikikataa Kiswahili kabla ya kukiogopa. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mpango wa serikali ya kikoloni wa kukipa Kiswahili nafasi kubwa nchini. Wakati huo Luganda kilikuwa tayari lugha ya shule na kanisa, na Biblia yake ilikuwepo tangu 1896, kwa hiyo kilichokuwa hatarini ni nafasi ya lugha, si usalama wa mtu. Chini ya Idi Amin, aliyeanzia kazi mwaka 1946 katika Keya ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, hisia hiyo iligeuka. Jajja yangu, aliyeishi Kampala miaka ya sabini, anasema maneno yake ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa 'Simama' na 'Kitambulisho', aliyoambiwa usiku kizuizini. Kiingereza alikuwa amekisikia darasani na kanisani pia, ila Kiswahili kwake hakikuwa na mahali pengine, na lugha inayosikika kizuizini peke yake huwa vigumu kuitenga na kizuizi. Kabaka alikuwa na hoja dhidi ya Kiswahili. Jajja hakuwa na hoja, alikuwa na kumbukumbu."*

Hesabu utaona ushahidi ni vipande vichache tu na karibu nusu ya aya ni maelezo yake. Wengi wenu mnaandika ushahidi robo tatu. Sentensi ya mwisho nayo, wengine wangeifuta kwa kuwa ni ya kupendeza, mimi niliiacha kwa kuwa haijarudia ya kwanza, imeipeleka mbele hatua moja. Sasa jaribu kuhamisha sentensi ya jajja uiweke juu ya Kabaka. Inavunjika, si ndio?

Lazima sentensi mada ianze aya?

Kwenye mtihani iweke mwanzo, msahihishaji ana rundo la karatasi na amechoka. Kwenye maandishi mengine inaweza kukaa ya pili baada ya sentensi ya kuunganisha, au mwisho kabisa kama unataka msomaji afike nayo mwenyewe. Ila mwisho ni hatari, ukikosea kidogo anafika amepotea.

Aya iwe na sentensi ngapi?

Hakuna namba. Deni likilipwa, aya imeisha. Ile ya juu ina nane.

Nikimaliza insha nzima nitajikagua vipi?

Nakili sentensi mada zote pekee kwenye karatasi nyingine, moja chini ya nyingine, usome. Kama zinasomeka kama habari inayoendelea, mifupa iko sawa. Kama mbili zinasema kitu kimoja, unganisha hizo aya. Kama moja huwezi kuipata, yaani umesoma aya na hujui unakili ipi, hiyo aya ndo yenye ugonjwa, rudi na kalamu uandike yale maneno ya pembeni kama tulivyofanya juu. Kazi hii kwa insha ya kurasa tatu haifiki hata nusu saa na inaonyesha kasoro ambazo kusoma kwa kawaida hakuonyeshi, kwa sababu ukisoma kawaida kichwa chako kinajaza mapengo chenyewe.

Na ile katiba ya 2005 na baraza la mawaziri 2022 tulizoweka kando? Tuzitupe?

Usitupe, zihamishe. Ndani ya aya ya jajja zingekaa kama wageni, lakini pembeni yake zinaweza kuwa na nyumba yao. Nikamwambia zisome pamoja, akaona mwenyewe kwamba kati ya katiba kukitaja Kiswahili lugha rasmi ya pili na baraza la mawaziri kupitisha kifundishwe kwa lazima ilipita miaka 17. Akauliza, mbona muda wote huo? Hapo akapata sentensi mada ya aya ya pili: *"Sheria ilikipa Kiswahili cheo mapema, lakini haikukipa mlango mwingine wa kuingilia."* Neno mlango limetoka kwenye aya ya kwanza, kwa hiyo hata "aidha" na "vilevile" hakuzihitaji kuunganisha.

Sasa anatafuta ushahidi wa hiyo. Nimemwambia aanze na shule yake mwenyewe, awaulize walimu Kiswahili kiliingia kwenye ratiba mwaka gani na vipindi vingapi kwa wiki, na kama majibu yakikataa sentensi yake, anajua la kufanya.